Kidonda Kilichosingiziwa Simenti

Bandeji za mwanawe alikuwa akizifua mwenyewe, kwenye beseni la bluu lenye ufa, nyuma ya nyumba waliyokaa watatu: yeye, mwanawe na mke wa mwanawe. Mkwe alitoka alfajiri kwenda kiwanda cha nguo na kurudi jioni akiwa hoi, kwa hiyo kazi hiyo ilimwangukia mama bila mtu yeyote kuipanga. Alizichemsha kwenye sufuria kuukuu, akazisuuza, akazianika kwenye kamba ya uani ambako wageni hawafiki.

Anayefua bandeji kwa miezi mitano hujua mengi ambayo hakuuliza. Mwezi wa kwanza zilikuwa na doa la manjano, dogo, la kufunikwa kwa kidole gumba. Mwezi wa tatu doa lilizungukwa na damu. Mwezi wa tano zilitoa harufu ambayo hata maji ya moto hayakuiondoa, na mama akawa anavuta pumzi kwa mdomo kila alipoinama. Alikuwa mtu wa wasiwasi tangu ujana wake, mtu wa kurudi mara mbili kuhakikisha kama amefunga mlango. Lakini wasiwasi wa safari hii ulikuwa wa namna nyingine. Ulikaa tu kifuani kama tonge lililokwama, haupandi, haushuki, na yeye akaendelea kufua.

Mwanawe alikuwa fundi vigae. Mafundi wenzake walimwita Pimamaji, jina la kifaa cha kupimia usawa, kwa sababu kigae kikipinda unywele mmoja alikuwa hali wala hanywi mpaka king'olewe. Miaka kumi na mitano alikuwa ametambaa kwa magoti kwenye sakafu za watu: maduka, mabenki, nyumba za matajiri ambao hakuwahi kuonana nao. Goti la kulia ndilo lililobeba uzito, kwa kuwa mkono wake wa nguvu ulikuwa wa kulia na mwili uliinamia huko. Na goti hilo ndilo lenye kovu.

Kovu lilianzia juu kidogo ya goti likashuka hadi nusu ya muundi. Lilikuwa la utotoni. Ngozi yake ilikuwa ngumu na yenye mikunjo mahali pengine, na mahali pengine, hasa pale kwenye kilele cha goti, ilikuwa nyembamba na yenye kung'aa kama ganda la kitunguu. Haikuota nywele wala haikutoa jasho. Ukiigusa, yeye hakuwa na habari. Kila mwaka, kazi ikizidi, ngozi ile ya kilele ilipasuka ikawa kidonda, na kila mara alipaka dawa, akaweka kipande cha sponji alichokata kwenye godoro, na baada ya wiki mbili tatu kidonda kikafunga. Nyumbani waliizoea hali hiyo kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Kwa hiyo hiki cha mwisho kilipotokea, hakuna aliyeshtuka. Fundi mwenzake, mtu mnene wa mizaha aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo, alikichungulia akacheka.

"Pimamaji, goti lako limekula simenti kuliko ukuta."

Mafundi wote wanaijua simenti. Ikilowa, ikapenya suruali, ukaipigia goti kutwa nzima, inakula ngozi mpaka nyama. Kila mmoja wao alikuwa na alama ya kuonyesha. Wakampa ushauri wao: osha na siki, usivae suruali mbichi, pumzika siku tatu. Akafanya hivyo. Kidonda hakikufunga. Akaenda zahanati, na alipoulizwa imekuwaje, akasema alichoambiwa na wenzake: simenti. Sista akaandika kwenye kadi, kidonda cha simenti. Tangu hapo, kila aliyekuwa zamu katika chumba cha kusafishia vidonda alisoma kadi, akaosha, akafunga, akaandika tarehe. Mara mbili walimpa vidonge vya kuua wadudu. Kadi ya kwanza ikajaa, wakafungua ya pili, na juu yake wakanakili maneno yaleyale. Mwenye kuishika kadi ya pili aliona mgonjwa wa wiki chache tu.

Mama ndiye aliyejua kwamba si wiki chache. Na alijua jambo jingine, kwa sababu kovu lile alikuwa amelipaka mafuta kwa mkono wake kila jioni mpaka mwanawe alipofika umri wa kuona haya. Vidonda vya miaka yote vilijifunga kuanzia pembeni, ngozi changa ikitambaa kuja katikati. Hiki pembeni yake palinenepa. Ukingo ulikuwa umenyanyuka, mgumu, umekunjwa kwa nje kama pindo la nguo, na katikati pameota vinyama vidogovidogo vilivyovuja damu kwa kuguswa na maji tu.

Siku moja aliacha beseni kama lilivyo, akavaa viatu, akamwambia mwanawe watakwenda zahanati pamoja.

"Mama, mimi ni mtu mzima. Watanicheka."

"Wakucheke."

Sista wa zamu alikuwa mgeni pale, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alifungua bandeji. Akavaa glavu nyingine, akaubonyeza ukingo kwa kidole, taratibu, akizunguka pande zote. Kisha akasoma kadi, akatazama kidonda, akasoma tena kadi.

"Hapa pameandikwa simenti," alisema.

"Sisi wenyewe ndio tuliosema simenti," alisema mama. "Kina miezi mitano na ushee, sista. Hiyo kadi ni ya pili."

Sista akauliza kovu ni la lini. La moto, mama akajibu, jiko la mafuta lilimlipukia akiwa na miaka minne, sasa ana thelathini na mitano. Sista hakusema neno la kutisha. Alisema tu kwamba kidonda kisichofunga kwa miezi mitatu, tena ndani ya kovu la zamani la moto, si cha kuoshwa hapo na kufungwa, ni cha kupimwa. Akaandika barua ya rufaa saa ileile, akaipiga muhuri mara mbili kwa kuwa wa kwanza ulitoka hafifu. Mama alikuwa akitazama muhuri ule. Alijaribu kuogopa na hakuweza.

Hospitali ya rufaa ilikuwa na korido ndefu iliyopakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa. Alimlaza Pimamaji kitandani, akampima goti, akampapasa kinena akitafuta mtoki, akakuta kivimbe kidogo upande wa kulia. Aliuliza maswali kwa mpangilio, huku akiandika. Jeraha la moto lilifunga baada ya muda gani? Mwaka na miezi miwili, mama akasema. Daktari akainua kichwa.

"Muda mrefu sana huo. Hamkupandikiziwa ngozi?"

Mama akafungua mdomo, lakini mwanawe alimtangulia.

"Walituruhusu, dokta. Walisema litapona lenyewe."

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyoambiwa maisha yake yote. Mama akafunga mdomo. Ukutani palikuwa na kalenda ambayo haikuwa imefunuliwa tangu mwezi uliopita, na yeye akaisoma tarehe moja moja mpaka mwisho.

Daktari alikata vipande vinne vidogo vya nyama kutoka kwenye ukingo, kila upande kimoja, na kingine kutoka chini katikati. Alieleza kwamba katikati peke yake panaweza kudanganya, nyama nyingi pale huwa imekwisha kufa, na pembeni ndiko ugonjwa unakofanya kazi. Akachoma sindano kwenye kile kivimbe cha kinena pia, akavuta maji kidogo. Akawaambia wapige eksirei, warudi baada ya wiki mbili.

Wiki mbili hizo mama alipika, akafagia, akafua. Mkwe wake alilia jikoni, akajifuta, akaenda kazini. Yule fundi mnene alikuja mara moja, akakaa ukingoni mwa kiti, na mizaha yake yote ikamkauka. Aliendelea kusema kwamba yeye ndiye aliyetaja simenti. Mama alimwambia kila mtu alitaja simenti. Alisema kweli, lakini alisema kama mtu anayesoma maandishi ya mtu mwingine.

Majibu yalikuwa kansa ya ngozi. Daktari aliwaeleza akiwa ameketi, hakuharakisha. Kovu la moto, hasa lililojifunga lenyewe kwa shida na kukaa kwenye kiungo kinachokunjwa na kusuguliwa, hupasuka na kupona, hupasuka na kupona, miaka nenda miaka rudi. Katika kujirudia huko, siku moja chembe za ngozi zinapotea njia. Ni nadra. Watu wengi wenye makovu ya moto wanazeeka nayo bila lolote, labda katika mia mmoja au wawili ndio yanayowafika haya, na mara nyingi baada ya miaka ishirini, thelathini, hata zaidi. Kwa hiyo watu husahau kwamba vinahusiana.

"Na ikikupata kwenye kovu, ni kali kuliko ile ya ngozi nzima," alisema. "Inakwenda ndani haraka."

Akaipachika picha ya eksirei kwenye taa ya ukutani. Ganda la mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti, lilikuwa limelika, kama mkate uliogugunwa na panya. Kifuko cha goti nacho kimeingiliwa. Habari njema ilikuwa moja: maji ya kinena hayakuwa na kansa, mtoki ule ulikuwa wa uchafu wa kidonda tu.

"Ingekuwa kwenye ngozi peke yake ningekata nyama kwa upana, nikapandikiza ngozi, mguu ukabaki," alisema daktari. "Sasa nikifanya hivyo nitaacha ugonjwa ndani ya mfupa. Napendekeza tukate juu ya goti. Na tusikawie. Leo haijapanda kinenani. Mwezi ujao siwezi kukuapia."

Pimamaji alitazama picha kwa muda mrefu.

"Fundi vigae asiye na goti," alisema mwishowe, "ni sawa na dereva asiye na macho. Nipeni dawa. Nipeni mionzi. Mguu sitoi."

Daktari alimweleza kwamba dawa na mionzi peke yake haviwezi kuuondoa ugonjwa uliokwisha ingia kwenye mfupa. Alisikiliza, akatikisa kichwa. Alilazwa wodini siku hiyo ili kidonda kisafishwe, na fomu ya ridhaa ikabaki ndani ya faili bila sahihi. Siku ya pili alikataa. Siku ya nne alikataa, akaanza kuzungumza habari za kurudi nyumbani. Kuna mtu aliyemwambia habari za mganga wa majani, kuna mwingine aliyemwambia asubiri mvua ipite. Mkwe alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe akamgeukia mama.

"Mama, wewe humwambii kitu. Anakusikiliza wewe."

Ni kweli alimsikiliza. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Siku ya sita, mchana, wagonjwa wengine wakiwa wamelala, mama alisogeza kiti mpaka kikagusa kitanda. Mwanawe alikuwa amejifunika mpaka kiunoni na ameshikilia kijiko ambacho hakuwa na haja nacho.

"Nataka nikuambie jambo," alisema. "Usinikatize."

"Kama ni la mguu, mama..."

"Nimesema usinikatize."

Akamwambia. Kwamba hawakuruhusiwa. Kwamba ulipolipuka moto ule alikaa naye hospitali siku ishirini na moja, na siku hiyo daktari mmoja mwembamba alikuja akasema kesho watamchuna ngozi paja la kushoto, lile zima, wampandikize goti la kulia. Yeye aliangalia lile paja. Lilikuwa laini, halina kasoro hata moja. Akafikiri, mtoto ana jeraha moja, watu hawa wanataka kumpa mawili. Hakuwa na mtu wa kumuuliza, baba mtu alikuwa ameshaondoka kwa njia zake. Asubuhi, wakati manesi wanabadilishana zamu, alimfunga mgongoni, akapita mlango wa jikoni mwa hospitali, akaenda zake. Watu walipomuuliza, alisema wameruhusiwa. Alisema mara nyingi mpaka ikawa hivyo.

"Nilikuchukua," alisema. "Hukuruhusiwa. Nilikuiba."

Alingoja hasira, au machozi, yake au ya mwanawe. Hakuna kilichokuja. Mwanaume wa kitanda cha pili alikohoa, akageukia ukuta.

"Wangenipandikiza," alisema mwanawe taratibu, "nisingepata hii?"

"Nilimuuliza daktari jana. Anasema huenda, lakini haapi. Anasema hata waliopandikizwa wapo wachache waliopata. Anasema ingepungua."

"Ingepungua."

"Ndiyo."

Mwanawe alikuwa hamwangalii. Alikuwa akikunja shuka kwa vidole, kipimo kwa kipimo, kama anayepanga mistari.

"Miaka yote hiyo nilijua ni madaktari," alisema. "Nikiona koti jeupe nasema moyoni, hawa ndio walioniacha na mguu huu. Mwezi wa kwanza wa kidonda mke wangu aliniambia niende hospitali kubwa. Nikakataa. Kwa sababu hiyo."

Mama hakuwa amejua hilo. Liliingia likakaa pale lilipokaa tonge, nalo likawa zito zaidi, basi.

"Nimekuambia ili usinifuate mimi," alisema. "Nikinyamaza utadhani nakuunga mkono urudi nyumbani. Safari ile nilichagua mimi, nikakosea. Hii chagua mwenyewe, lakini usichague kwa uongo wangu."

Mwanawe aliacha kukunja shuka. Kisha akaita sista, akaomba faili. Sista alimletea fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi, akamwelekeza mahali, na kwa mazoea akamgeukia mama kumwonyesha sehemu ya ndugu wa mgonjwa.

"Yeye asiweke," alisema Pimamaji. "Hiyo ni yangu."

Akatia sahihi. Herufi zake zilikuwa zimenyooka. Halafu akamwambia mama aende nyumbani akapumzike, na jinsi alivyolisema neno hilo mama akaelewa kwamba hatakiwi pale kwa siku hiyo. Akabeba mkoba wake. Kwenye ngazi alihesabu hatua bila sababu, zikafika arobaini na tatu.

Mguu ulikatwa siku ya tatu yake, vidole vinne juu ya goti. Uliochukuliwa ulipimwa, na pale msumeno ulipopita hapakuwa na kansa. Wiki za mwanzo alisema vidole visivyokuwepo vinawasha, akaomba akunwe, na mkwe akakuna shuka tupu kwa kuwa hakujua afanye nini. Kisha yakaja magongo, na mazoezi ya kusimama, na kuanguka mara moja bafuni. Yule fundi mnene alimfanyia benchi la chini lenye magurudumu, lakini bado hajalikalia. Kazi zake sasa ni kuchora mpangilio na kukata vigae kwenye meza, wenzake wanapanga. Akiwa na hasira huwa hazungumzi na mama. Akiwa hana hasira pia, mara nyingi hazungumzi.

Miezi mitatu baadaye walikwenda kliniki, yeye na mama, kwa kuwa mkwe alinyimwa ruhusa kiwandani. Wataendelea hivyo kila miezi mitatu kwa miaka miwili, kisha kila sita, kupapaswa kinena na kukaguliwa kovu la mshono kwenye kisiki. Walikaa kwenye benchi la mbao. Namba yao ilikuwa kumi na saba, na aliyekuwa ndani alikuwa wa kumi na nne. Mama aliweka mkoba mapajani, akatazama mlango. Alikuwa ameamka bila hofu na bila tumaini, akavaa, akaja.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" aliuliza mwanawe ghafla.

"Lini?"

"Siku uliyonitoa."

Mama alifikiri. Hakuwa amewahi kuhesabu.

"Ishirini na mmoja."

Pimamaji aliegemeza magongo ukutani, yakateleza, akayashika, akayaegemeza tena. Mlango ukafunguliwa, akaitwa wa kumi na tano.

"Mdogo hivyo," alisema.

Ndani, daktari alimpapasa kinena pande zote mbili, akabonyeza, akarudia kulia. Kile kivimbe kilikuwa kimenywea. Hakuona kipya. Akamfundisha jinsi ya kujipapasa mwenyewe kila wiki akiwa anaoga, kwa ncha za vidole vitatu, na kwamba akikuta kigumu kisichoteleza asingoje tarehe. Kisha akamwambia mama aje ajifunze pia, wawe wawili wanaojua.

Mama hakusogea. Alimtazama mwanawe kwanza.

"Njoo," alisema mwanawe. "Lete mkono."